Pamba Kuukuu

Kufikia alasiri ya siku ya tatu, Mwalimu Zuhura alikuwa ameshazika vijana 14. Tisa walikufa kwa dawa za kulevya, wanne kwa bodaboda, mmoja aliliwa na mamba wa Mto Sabaki. Wote walionywa na wazazi wao, wote wakatia pamba masikioni, na wote, wakiwa taabani kitandani, wakakumbuka kwa machozi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hilo ndilo lililokuwa swali la 3: andika kisa kitakachobainisha maana ya methali hiyo.

Walikuwa wakisahihisha Karatasi ya Kwanza, Insha, ya mtihani wa majaribio wa pamoja. Bwalo la shule moja hapo Malindi lilikuwa limegeuzwa ukumbi: meza ndefu, watahini 6 kila meza, kiongozi wa kundi kichwani na kalamu yake ya kijani. Mapangaboi yalizimwa kwa sababu yalipeperusha karatasi. Upepo wa kusi ulioingia madirishani uliifanya kazi hiyo vilevile, basi kila mtu alikuwa na jiwe lake la kugandamizia.

Siku ya kwanza hawakusahihisha kitu. Walipewa nakala za insha 5 zilezile, kila mmoja akatuza peke yake, kisha wakabishana mpaka tofauti baina yao isizidi alama 2. Mwongozo ulikuwa wazi. Kisa kishughulikie pande zote mbili za methali. Akiugusa upande mmoja tu, asipite C 10. Si lazima aitaje methali wala kueleza maana yake. Aliyejitungia swali ni D 03. Mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la tahajia, mara ya kwanza tu. Tiki juu ya msamiati bora. Na kila ukurasa uwe na tiki katikati, chini kabisa, kuthibitisha kwamba umesomwa.

Kuna jambo mwongozo hausemi: baada ya karatasi ya 20, mkono huanza kutoa 11 wenyewe.

Karatasi ya 22 ilikuwa ya mwandiko mdogo, maneno 8 kwa mstari. Swali la kwanza, la lazima, lilikuwa barua rasmi. Zuhura aliitilia 13 bila kusita. Akafunua swali la 3.

"1. Ngoja bamvua. Chombo kikipanda na maji makuu, kiegemeze magogo. Maji yakipwa kitabaki pakavu.

2. Toa pamba kuukuu yote katika maungo ya mbao. Yote. Pamba mpya ikikaa juu ya iliyooza, itatoka pamoja nayo."

Maagizo ya kukalafati jahazi. Zuhura akashusha pumzi. Mtoto amekariri maagizo darasani, ameyaleta mahali pasipo pake. Akaandika D pambizoni, akaanza kuivuta 0, kisha akakumbuka tiki za chini. Hatii tiki ukurasa ambao hakuusoma. Mazoea hayo alikuwa nayo tangu mwaka wake wa kwanza wa utahini.

Hatua ya 3 ilikuwa ndefu, karibu nusu ukurasa: jinsi ya kusokota pamba, kuichovya mafuta, kuipigilia kwa chembeu na nyundo. "Usipige kwa hasira. Ukijaza mno, mbao zikinywa maji zitafura na kuachana." Zuhura alitia tiki juu ya chembeu. Miaka mingi hakuwa ameliona neno hilo limeandikwa.

"4. Ungo wa chini kabisa, ulio juu ya mkuku, haufikiki mpaka chombo kilazwe ubavu. Kulaza kunataka watu 8. Wakija 5, ngoja bamvua jingine, siku 14. Mwenye mchanga wake atakuja kugombana. Mwache agombane.

5. Usimwambie mwanao, 'Pale chini patashika.'"

Kalamu ilisimama.

"6. Changanya shahamu na chokaa, upake. Deheni ikikauka huwa nyeupe safi na ufa hauonekani. Hilo ndilo baya lake.

7. Mwanao akae ngamani na upo, afue maji. Upo 20 kwa saa ni kawaida. Upo 100, geuza chombo. Ukisikia upo umenyamaza, usifurahi.

8."

Baada ya nambari 8 palikuwa na mistari 3 mitupu. Zuhura aligeuza ukurasa akidhani wino ulimwishia mtoto.

"9. Mawe ya matumbawe 60, chokaa madebe 4, mchanga uliobaki ufuoni siku ile. Anza chini ya dirisha la mama linalotazama bahari, upande safu kwa safu, mama asiione tena kwa mato yake. Fundi mmoja, siku 2. Usiache ufa."

Alirudi mwanzo akasoma tena, safari hii bila kalamu. Kisha akaifuta ile D kwa mstari mmoja, akatia sahihi fupi kando kama inavyotakiwa, akainuka.

Mwalimu Kazungu, kiongozi wa kundi, aliisoma akiwa amesimama.

"Kisa kiko wapi, Mwalimu? Hakuna hata mhusika mwenye jina."

"Mwongozo haukutaka jina."

"Methali hakuitaja."

"Haikulazimishwa." Zuhura alimwekea kidole kwenye mwongozo. "Ufa ni hatua ya 4. Waliuacha, wakaupaka deheni."

"Na ukuta?"

Akamgeuzia ukurasa. Kazungu alisoma hatua ya 9, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa.

"Urefu?"

"Maneno 8 kwa mstari ni ukurasa mmoja na robo tatu. Ana zaidi ya hapo kwa mistari 6. Nimetoa ile 3 mitupu."

"Ile mitupu," Kazungu alisema, "ndiyo ungeihesabu." Kisha sauti yake ikarudi ya kazi. "Wewe mtu wa Amu. Unamjua huyu mtoto? Ukimjua, bahasha nzima naipa meza nyingine."

"Nambari imefunikwa, Bwana Kazungu. Simjui."

"Umempa ngapi?"

"A wastani. 18."

"Mimi naona B ya juu, 15. Akija mtahini mkuu akauliza kwa nini maagizo yamepata A, nitamwambia nini?"

"Mwambie asome hatua ya 5."

Kazungu alinyamaza kidogo. Karatasi 3 katika kila bahasha ya 30 lazima azirudie yeye mwenyewe. Hii akaifanya moja ya hizo 3, akaketi nayo. Alipita neno kwa neno. Alipofika mwisho akainua kichwa.

"Hapa hukupigia mstari. 'Kwa mato yake.'"

"Nimeliona."

"Kwenu ni neno. Kwa mwongozo ni kosa."

Zuhura aliichukua karatasi. Nyumbani kwao Langoni hakuna aliyewahi kusema macho. Alipiga mstari mmoja mwembamba chini ya mato, mmoja tu, wa tahajia. Akatia tiki katikati, chini ya ukurasa.

Kazungu aliandika 18 kwa kijani kando ya 18 yake nyekundu, akajumlisha na 13 ya barua, akaandika 31 kwenye jalada. Kisha akaibana karatasi kwapani na kwenda nayo upande wa meza ya mtahini mkuu.

Zuhura alirudi kitini, akainua jiwe, akavuta karatasi ya 23. Kijana alikuwa amenunua bodaboda.