WARAKA WA NDANI: KADI ZA MAFUTA, FEDHA TASLIMU NA VIPIMO VYA MATUMIZI

Kwenda: Mkurugenzi wa Fedha na Utawala
Nakala: Waratibu wa ofisi za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, Mhasibu wa Masurufu, Kiongozi wa Madereva
Kutoka: Msimamizi wa Usafirishaji, Makao Makuu, Dodoma
Tarehe: 12 Novemba 2025

Kuanzia 1 Desemba 2025 naomba magari matano ya mikoani yanayonunua mafuta kwa masurufu yapewe kadi, kama yale tisa ya makao makuu. Pia naomba kila gari, lenye kadi na lisilo na kadi, lipimwe kwa kiwango chake cha matumizi. Ombi la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kadi inatuandikia nani kanunua nini, wapi na saa ngapi, lakini haijui kama mafuta hayo yaliingia kwenye tanki letu. Hilo linajulikana kwa kupima tu.

Hesabu ya Julai hadi Septemba

Magari tisa ya kadi yalistahili kutumia lita 6,000 kwa umbali na aina ya barabara yaliyopita. Yametumia lita 6,240, yaani asilimia 4 zaidi. Magari matano ya fedha taslimu yalistahili lita 3,000, yametumia 3,390. Hiyo ni asilimia 13. Lita 390 za ziada, kwa bei yetu ya wastani ya shilingi 2,850, ni shilingi 1,111,500 kwa robo moja ya mwaka. Ada ya kadi tano kwa kipindi hicho hicho ingekuwa shilingi 90,000.

Naomba hesabu hii isisomwe kama hukumu kwa madereva wa mikoani. Sehemu ya lita hizo 390 ni ubovu wa gari, kama nitakavyoeleza kuhusu Gari Na. 11.

Fedha taslimu inavyovuja

Dereva akipewa masurufu, ushahidi pekee unaorudi ofisini ni risiti. Risiti ya EFD ni halali, ila inathibitisha kwamba mafuta yaliuzwa, haithibitishi yaliuzwa kwa gari lipi. Wateja wengi huacha risiti zao kwenye pampu, na mtu anayetaka kuziokota hana kazi ngumu. Kwa hiyo mhasibu asiishie kwenye jumla ya shilingi. Aangalie saa iliyochapwa kwenye risiti, ailinganishe na daftari la safari, kisha ahakiki risiti kwa namba yake kwenye mfumo wa TRA. Risiti ya Manyoni ya saa 4:10 asubuhi haiwezi kuwa ya gari lililoandikwa kutoka Dodoma saa 3:30. Ni mwendo wa kilomita 120 na zaidi.

Alama nyingine ni ununuzi wa namba za mviringo: 100,000, 100,000, 150,000. Anayejaza tanki hupata kiasi kisicho cha mviringo, kwa sababu pampu hukata pale tanki linapojaa. Namba za mviringo zikijirudia, gari halijazwi, na lisipojazwa halipimiki. Tukumbuke pia kwamba karatasi ya risiti hufifia kwa joto la kwenye dashibodi. Ipigwe picha siku ile ile.

Bei nayo iangaliwe. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila mji una yake. Bei ya lita iliyo kwenye risiti ikizidi kikomo cha mji huo, kuna kosa la kituo au risiti si ya hapo.

Kadi inavyovuja

Wizi wa kadi unahitaji watu wawili, dereva na mhudumu wa sheli. Kadi inakatwa lita 80, tankini zinaingia 60, thamani ya 20 inagawanywa. Taarifa ya mwezi itaonyesha lita 80 safi kabisa, kituo kinachotambulika, namba ya siri sahihi. Wengine hujaza dumu pembeni, au gari la rafiki linasogea kwenye pampu ya pili. Ndiyo maana asilimia 4 ya magari ya kadi nayo sijaifunga.

Kadi zifungwe hivi: kila kadi ni ya gari moja na dizeli tu, kila dereva ana namba yake ya siri, isiyoandikwa nyuma ya kadi (tumekuta mbili zimeandikwa), kikomo cha mara moja kisizidi ujazo wa tanki, ujumbe wa kila muamala uje kwenye simu ya kitengo papo hapo, kilomita za dashibodi ziingizwe pampuni kabla ya kujaza. Gari likilala ofisini, kadi ilale kwenye kabati la mratibu.

Kasoro ya kadi ni vituo. Ukiacha miji ya wilaya, njia zetu nyingi hazina kituo cha mtandao wetu. Gari linalokwenda Kibakwe au vijiji vya ndani ya Kondoa lijazwe mjini kabla ya kuondoka, na dereva abaki na masurufu ya dharura yasiyozidi shilingi 60,000. Salio la kadi likaguliwe Alhamisi, maana salio likiisha Jumamosi gari litakwama hadi Jumatatu.

Kipimo cha matumizi

Njia ni moja: jaza hadi kujaa, tembea, jaza tena hadi kujaa. Lita za mara ya pili ndizo zilizotumika. Gari Na. 4 lilijazwa likiwa na kilomita 148,210, likajazwa tena kwenye 148,672 kwa lita 61. Limetembea kilomita 462, sawa na kilomita 7.6 kwa lita.

Kipimo hiki huharibika kwa mambo madogo. Kujaza kunaishia pampu inapokata mara ya kwanza. Anayeendelea kudondoshea anaweza kuongeza lita kadhaa. Gari lisimame pasawa, na ikiwezekana pampu iwe ile ile. Hardtop mbili zenye tanki mbili zijazwe zote mbili, la sivyo tanki la pili linakuwa ghala la siri: dereva analitumia nusu, anajaza la kwanza tu, na hesabu inaonekana nzuri hadi mwezi ujao.

Viwango vyetu, vilivyotokana na safari zilizosimamiwa za magari yetu wenyewe, ni hivi (kilomita kwa lita):

| Gari | Lami | Vumbi na changarawe | Mjini |
|---|---|---|---|
| Hardtop | 8.0 | 6.8 | 6.2 |
| Hilux | 11.0 | 9.0 | 8.5 |
| Fuso ndogo | 6.0 | 5.0 | 4.6 |

Tusitumie wastani mmoja kwa gari, kwani utamwonea dereva wa vijijini na kumficha wa lami. Mfano: Hardtop kwenda Kondoa na kurudi, kilomita 320 za lami, na 140 za vumbi vijijini. Lami inahitaji lita 40, vumbi lita 20.6, jumla 60.6. Ikiwa zimenunuliwa lita 74, zimezidi 13.4, yaani asilimia 22. Kwenye jedwali la kompyuta, lami ikiwa safu B, vumbi C, mjini D na lita zilizonunuliwa E:

```
F2: =B2/8+C2/6.8+D2/6.2
G2: =(E2-F2)/F2
```

Ziada hadi asilimia 7 tunaiacha. Kati ya 8 na 15, gari linakwenda gereji kwanza, dereva anaulizwa baadaye. Ikipita 15, au ikirudia juu ya 8 mara tatu mfululizo, tunafungua uchunguzi. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, tope la Bahi na Manyoni linakula mafuta kweli. Kwa kilomita zilizotembewa kwenye tope ongezeni asilimia 10 kwenye lita zinazotarajiwa, mradi mratibu athibitishe hali ya barabara.

Kutofautisha wizi na ubovu

Ubovu huja polepole, wizi huja ghafla. Gari Na. 11 la Manyoni lilishuka kutoka 6.9 hadi 5.8 kwa wiki kadhaa, kila dereva akiliendesha linashuka, na moshi mweusi ulionekana. Nozeli zilikuwa zimechoka na breki ya nyuma ilishika. Baada ya matengenezo limerudi 6.7. Hapo hakuna mwizi.

Gari Na. 8 ni jambo jingine. Kwenye vumbi linakwenda 6.8, safari inayofuata 5.4, kisha 6.7 tena. Gari bovu halijitibu. Tena lina risiti moja ya lita 96, wakati tanki lake tulilipima likachukua lita 90, na daftari linasema mshale ulikuwa robo. Suala hilo liko kwa Mkurugenzi na silizungumzii zaidi hapa.

Kabla ya kumshuku mtu, kagueni upepo wa matairi, kichujio cha hewa (kwa vumbi letu kipulizwe kila wiki), kuvuja kwenye mipira ya dizeli, mzigo wa juu, na kukaa likiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, ambako Hardtop hutumia lita moja hivi kwa saa. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani hufanya dashibodi isome kilomita pungufu. Hakikini kwa nguzo za kilomita za barabara kuu. Hoja ya joto kupanua mafuta ni ya kweli lakini ndogo: kwenye lita 80, tofauti ya nyuzi 15 ni takriban lita moja.

Wizi wenye akili haupunguzi kilomita kwa lita, unaongeza kilomita. Dereva anaandika safari ya 380 kuwa 450 ili lita ziendane. Hivyo daftari lilinganishwe na umbali unaojulikana: Dodoma–Mpwapwa ni takriban kilomita 120, haiwezi kuwa 150 kila Jumanne. Na gari linaloleta 6.8 kamili kila safari, bila kupanda wala kushuka, nalo likaguliwe. Huenda hesabu inaanzia kwenye jibu. Kwa mafuta yanayonyonywa usiku, angalieni mikwaruzo mdomoni mwa tanki na klipu mpya kwenye mpira wa kurudisha dizeli. Vifuniko vya ufunguo vimeagizwa kwa magari yote 14.

Mtu yeyote asikatwe mshahara kwa namba ya jedwali. Makato yana masharti yake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na madereva wetu wengi ni waaminifu wanaochoshwa na kushukiwa kwa ajili ya wachache. Kila dereva apewe nakala ya matokeo ya gari lake kila mwezi, mazuri na mabaya, na aruhusiwe kuomba safari ya majaribio akiwa na msimamizi.

Utekelezaji

Waratibu wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni waniletee ifikapo 21 Novemba ujazo halisi wa tanki la kila gari, ukubwa wa matairi, na picha ya dashibodi. Tarehe 28 Novemba magari yote yajazwe hadi kujaa, ili mwezi mpya uanze na mstari mmoja. Mhasibu afunge masurufu ya mafuta yaliyo nje kufikia 30 Novemba. Madaftari ya safari yafike kitengoni kila Ijumaa kabla ya saa 9 alasiri. Gari ambalo daftari lake halijafika, kadi yake haitaongezwa salio.

Msimamizi wa Usafirishaji
Makao Makuu, Dodoma