Vifaa vya siku ya kufungua: mgahawa wetu wa Nkuhungu, Jumamosi saa 11 alfajiri

Dada wa jikoni, weka tiki kwa kalamu, siyo kwa kichwa.

JIKONI
– Sufuria kubwa 3 (wali, ugali, maharage), ndogo 4 za mboga. Ile ya mlenda iwe peke yake, isichanganywe na ya nyama.
– Karai la chipsi na maandazi, chujio lake.
– Miiko 3, pawa 4, visu 3, mbao 2 za kukatia: ya nyama na ya mboga.
– Kibao na kisukumio cha chapati.
– Mtungi wa gesi kilo 15, na wa akiba uliojaa. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa mapovu, usiwashe. Majiko ya mkaa 2 yakae nje.
– Hotipoti 4.

MAJI
Tenki lijae Ijumaa jioni, Dodoma hii usingoje asubuhi. Ndoo ya bomba na sabuni mlangoni.

MEZANI
Sahani 40, bakuli 30, vikombe 24, glasi 24, vijiko 50 (vitapotea tu), chumvi, pilipili, vijiti vya meno.

KAUNTA
– Mashine ya EFD, imechajiwa usiku kucha.
– Roli za risiti 5. Kwaruza karatasi kwa ukucha: upande unaotoa alama nyeusi ndio wa kuchapwa. Juzi kwenye majaribio niliigeuza, ikatoka nyeupe tupu nikadhani mashine imekufa.
– Chenji: 500 na 1,000 nyingi.
– LUKU, kaka aangalie yuniti usiku.