Famakolojia kwa Makundi: Mwongozo wa Kusomea, Uuguzi Mwaka wa Pili

Wanakikundi, huu ndio mwongozo tutakaoutumia mpaka siku ya mtihani. Kila kundi la dawa lina mambo manne: mifano, namna linavyofanya kazi mwilini, maudhi yake, na kazi ya muuguzi. Msianze na maudhi. Ndiyo kosa la kila mwaka: mtu anakariri orodha ya "kichefuchefu, kuumwa kichwa, kizunguzungu", orodha inayofaa karibu dawa zote, kisha swali likiuliza "kwa nini?" anabaki anatafuna kalamu. Ukielewa dawa inagusa nini, maudhi unayakisia mwenyewe, na kazi ya muuguzi inajitokeza papo hapo.

Dozi zilizomo ni za kusomea. Wodini fuateni mwongozo wa tiba wa taifa na maagizo yaliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa.

DAWA ZA PRESHA

Presha inategemea moyo unavyosukuma, mishipa ilivyobana na wingi wa maji kwenye damu. Kila kundi hapa linashika kimojawapo. Angalieni pia mwisho wa jina, unataja kundi lake.

*Zinazoishia -prili: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili.* Presha ikishuka, figo hutoa renini, na mwishowe hupatikana anjiotensini ya kwanza, ambayo peke yake haina nguvu. Kimeng'enya kiitwacho ACE huigeuza kuwa anjiotensini ya pili, nayo hubana mishipa na kuchochea aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji yasitoke. Dawa hizi hukizuia kimeng'enya hicho.

Sasa tazameni maudhi yanavyozaliwa. ACE ndiyo pia huvunja bradikinini. Ikizuiwa, bradikinini hurundikana: mgonjwa anapata kikohozi kikavu kisichoisha, na wachache huvimba midomo, ulimi na koo. Aldosteroni ikipungua, potasiamu hubaki mwilini na kupanda. Presha nayo inaweza kuanguka ghafla, hasa kwa dozi ya kwanza.

Muuguzi: pima presha kabla ya kila dozi. Mwambie mgonjwa ainuke taratibu, akae kwanza kitandani ndipo asimame. Fuatilia kreatinini na potasiamu. Muulize kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kuhusu ujauzito, kwa sababu dawa hizi huharibu figo za mtoto tumboni. Mgonjwa akilalamikia kikohozi, usimpe dawa ya kikohozi ukanyamaza. Mjulishe daktari, huenda akamhamishia kwenye losatani, ambayo haizuii ACE bali hufunga kipokezi cha anjiotensini, hivyo haisababishi kikohozi hicho kwa kiasi hicho. Ulimi ukivimba, hiyo ni dharura: simamisha dawa, linda njia ya hewa, na kundi hilo asirudishiwe tena.

*Zinazoishia -ololi: propranololi, atenololi.* Hufunga vipokezi vya beta, moyo ukapiga polepole na kwa nguvu ndogo. Propranololi haichagui, inafunga hata vya kwenye mapafu, kwa hiyo mwenye pumu hapewi. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60, zuia dozi na utoe taarifa. Asiache dawa ghafla. Kwa mwenye kisukari kuna mtego: sukari ikishuka, mapigo hayaendi mbio na mikono haitetemeki kama kawaida. Jasho ndilo hubaki.

*Nifedipini na amlodipini* huzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa, nayo hulegea. Kichwa kinagonga, uso unapata joto, vifundo vya miguu vinavimba. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, ndiyo maana furosemidi haiusaidii sana.

*Za kukojoza.* Furosemidi huzuia sodiamu, potasiamu na kloridi zisirudi kwenye damu katika mkunjo wa Henle. Maji huzifuata nje. Toa asubuhi, la sivyo mgonjwa hatalala. Pima uzito kila siku kwa mizani ileile, andika maji yanayoingia na kutoka, fuatilia potasiamu. Ukidunga kwenye mshipa, sukuma polepole, maana ikienda haraka huumiza masikio. Spironolaktoni ni kinyume kwa potasiamu: huizuia isitoke. Ukiikuta pamoja na enalaprili kwenye chati moja, uliza vipimo vya damu viko wapi.

*Digoksini* si ya presha, ila wagonjwa ni walewale wa moyo. Huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi lakini polepole. Dozi ya tiba na dozi ya sumu hazipishani sana. Sikiliza mapigo kwenye ncha ya moyo kwa dakika nzima. Dalili za sumu ni kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kuona rangi ya njano au kijani, na mapigo kwenda ovyo. Potasiamu ikiwa chini, sumu huja upesi zaidi. Unganisheni wenyewe na furosemidi.

DAWA ZA CHUMBA CHA UZAZI

Hapa mtihani wa vitendo haukosi swali, basi tulieni.

*Magnesiamu salfeti* hutuliza mishipa ya fahamu na kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Si dawa ya presha, msiiandike huko. Dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Chupa ya asilimia 50 ina gramu 5 katika mililita 10. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, kisha sukuma polepole kwa angalau dakika 5. Zile za misuli usizipunguze makali: mililita 10 kila upande, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2, maana zinauma kwelikweli. Halafu gramu 5 kila saa 4, kwa kubadilisha tako, mpaka saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalokuja baadaye.

Kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, ukimgonga goti mguu unaruka, na mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa. Mkojo una maana kubwa kwa sababu dawa hutolewa na figo. Figo zikigoma, inarundikana. Goti hunyamaza kwanza, pumzi hufuata. Kiuasumu ni kalsiamu glukoneti, gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) kwenye mshipa polepole, na ampuli yake ikae kwenye trei *kabla* hujamdunga mama. Usikimbilie stoo wakati mtu hapumui.

*Oksitosini* hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Baada ya mtoto kuzaliwa, na ukishahakikisha hakuna pacha tumboni, toa yuniti 10 kwenye misuli ndani ya dakika moja. Huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kwenye joto hupoteza nguvu, nawe utashangaa kwa nini mama anaendelea kuvuja. Ikitumika kuongeza uchungu, hesabu mikazo na usikilize moyo wa mtoto. *Egometrini* hukaza pia mishipa ya damu, hivyo mwenye presha hapewi. *Misoprostoli* huleta homa na kutetemeka. Mwambieni mama mapema asiogope.

ANTIBAYOTIKI

Penisilini na sefalosporini (ampisilini, amoksisilini, seftriaksoni) hubomoa ukuta wa bakteria. Uliza mzio kabla, na uliza vizuri: "Ulipata nini ulipotumia?" Kuharisha si mzio. Benzathini penisilini, ile nyeupe kama maziwa, ni ya misuli peke yake. Ikiingia kwenye mshipa moyo unaweza kusimama. Mkalishe mgonjwa nusu saa, adrenalini ikiwa karibu. Seftriaksoni isichanganywe na maji yenye kalsiamu kama ringa lakteti.

Jentamisini huzuia bakteria wasitengeneze protini. Huumiza figo na masikio: angalia mkojo, uliza kuhusu mlio masikioni na kizunguzungu. Usiichanganye na penisilini kwenye bomba moja.

Metronidazoli: ladha ya chuma mdomoni, mkojo kuwa mweusi, pombe marufuku. Doksisiklini: si kwa wajawazito.

MALARIA

Atesuneti ya sindano ni kwa malaria kali. Ikiingia ndani ya kimelea, chuma kinachotokana na damu aliyoila huiamsha, na chembe zinazozalishwa humharibu. Wenye kilo 20 na zaidi: miligramu 2.4 kwa kila kilo. Chini ya hapo: miligramu 3. Saa 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, ndipo apewe dozi kamili ya dawa mseto.

Pigeni hesabu: mtoto wa kilo 18 anahitaji miligramu 54, wa kilo 22 anahitaji 52.8. Mdogo amemzidi mkubwa. Ndiyo, ni sahihi, msifute majibu yenu.

Dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Mwambie ndugu amrudishe mgonjwa akipauka au mkojo ukiwa mweusi katika wiki nne zijazo, kwa sababu seli za damu zinaweza kupasuka baadaye. Kwinini hushusha sukari, kwa kuwa huchochea kongosho kutoa insulini. Huenda kwa dripu ya taratibu, kamwe haisukumwi. ALU inywewe na chakula chenye mafuta kidogo, ifyonzwe vizuri.

KISUKARI

Insulini huingiza glukosi kwenye seli. Pima sukari, hakikisha chakula kipo, *ndipo* udunge. Ile angavu ivutwe kwanza, ya maziwamaziwa baadaye. Kwenye mshipa huenda insulini angavu ya kawaida tu. Badilisha sehemu ya kudunga. Metformini hupunguza glukosi inayotengenezwa na ini. Tumbo husumbua, hivyo imezwe na chakula, na figo zikiwa mbovu uliza kabla ya kutoa.

ZILIZOBAKI, KWA HARAKA

| Dawa | Inavyofanya kazi | Maudhi | Muuguzi |
|---|---|---|---|
| Mofini | Hushika vipokezi vya opioidi | Pumzi kupungua, choo kigumu | Hesabu pumzi. Naloksoni iwe karibu |
| Diklofenaki | Huzuia prostaglandini | Vidonda vya tumbo, figo | Baada ya kula |
| Salbutamoli | Hulegeza njia za hewa | Moyo kwenda mbio, kutetemeka | Fundisha kuvuta kwa mdomo |
| Hepari | Huzuia damu kuganda | Kutoka damu | Kiuasumu: protamini |
| Warfarini | Huzuia vitamini K | Kutoka damu | Fuatilia INR |
| Rifampisini | Huzuia RNA ya bakteria | Mkojo wa rangi ya chungwa, ini | Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu |
| Isoniazidi | Huzuia ukuta wa bakteria | Ganzi miguuni, ini | Piridoksini |

JIPIMENI

1. Mama yuko kwenye magnesiamu. Saa ya dozi imefika. Anapumua mara 14, goti haliruki. *Jibu:* usidunge. Ita msaada, saidia pumzi, andaa kalsiamu glukoneti, angalia mkojo.

2. Mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi amelowa jasho na anaongea ovyo. Mapigo 72. Mwenzako anasema, "Mapigo yako sawa, muache apumzike." *Jibu:* pima sukari sasa hivi. Mapigo hapo hayaaminiki.

3. Mzee anatumia furosemidi na digoksini. Amekataa uji siku mbili, anasema kuta za wodi zina njano. Mapigo 52. *Jibu:* zuia digoksini, mjulishe daktari, omba potasiamu na kipimo cha umeme wa moyo. Furosemidi imetoa potasiamu, na digoksini imepata nafasi.