Logfremu ya maji Chemba, toleo fupi la ufuatiliaji

Dada habari, ile logfremu ya kurasa 14 nimeifinya, indiketa zilikuwa 31 zimebaki 6, nimetoa zile za "uelewa wa jamii kuongezeka" maana sijui nani angezipima na kwa rula gani. Ingiza kwenye eksel kama zilivyo hapa.

Kuhara kwa watoto chini ya miaka 5: wagonjwa 412 mwaka 2023, zahanati zote 3, chanzo rejista ya wagonjwa wa nje ya MTUHA. Tageti hatuweki, tunafuatilia tu, mvua peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha tukajisifia bure.

Kaya zinazochota maji kwa dakika 30 au chini, kwenda, foleni na kurudi: beisilaini 22% (66 kati ya 300, Agosti 2024), tageti 65% Agosti 2026. Uthibitisho ni dodoso lilelile, na tafadhali mwezi uleule, ukienda Machi utakuta watu wanachota kwenye madimbwi karibu na nyumbani na asilimia itapaa yenyewe, mfadhili atafurahi ila sisi tutakuwa tumejidanganya.

Vituo vya kuchotea maji vinavyofanya kazi: 19 kati ya 41, tageti 48 kati ya 53. Hapo ndo pa kuwa makini, chini ya mstari namba inabadilika kwa sababu tunaongeza vipya 12, kwa hiyo kila kota andika juu na chini, sio asilimia tupu. Kinafanya kazi maana yake maji yametoka mbele ya macho yako siku ya ziara, ziara ya ghafla, picha yenye tarehe na jipiesi. Kumpigia mwenyekiti wa kijiji simu haihesabiki, atakwambia yapo tu.

Vituo vipya: 0, kisha 5 ifikapo Juni 2025, 12 Juni 2026. Hati ya makabidhiano yenye saini ya RUWASA, picha za kukata utepe hapana.

Vyombo vya watumia maji vinavyolipia matengenezo kwa mapato yao miezi 6 mfululizo: 1 kati ya 4, tageti vyote 4. Angalia taarifa ya benki pamoja na daftari la mapato, mihtasari ya vikao inaandikwa hata kama kikao hakikukaa.

Ya mwisho ubora: vituo visivyo na E. koli kwenye mililita 100 za maji. Beisilaini HAIPO, hatukupima, usije ukaweka sifuri, acha wazi hadi tupime vile 19 vinavyotoa maji kabla fundi hajaanza. Tageti tutaiandika baada ya hapo, mfadhili nimeshamwambia, kaguna kidogo ila kakubali. Cheti cha maabara ndo uthibitisho.

Nitumie fomu ya ziara ya kwanza kabla ya Ijumaa.