Haloo, ni mimi boda wa keki

– Haloo dada, mambo? Mimi boda nimekuletea keki, we uko wapi hasa?

– Poa kaka. Si nimekutumia lokesheni wasap?

– Hiyo inanionesha Posta, na mimi niko huku Sinza.

– Jamani! Niliituma nikiwa kazini, samahani. Sasa sikia, unapajua Kwa Remmy?

– Si hapo alipokuwa anakaa marehemu Remmy Ongala, napajua, niko kituoni hapa.

– Eeh basi ingia hiyo ya vumbi, nenda mpaka duka la Mangi, hapo kata kushoto.

– Dada, Mangi yupi? Hapa nilipo tu nawaona Mangi wawili, mmoja ana friji nje na mwingine kaweka mitungi ya gesi.

– Wa gesi wa gesi! Ukimpita kuna mwembe mkubwa, hapo ndo unaingia.

– Mwembe siuoni.

– Aah walishaukata bwana, tumezoea tu kusema mwembeni. Si unaona wakaanga chipsi?

– Ndo kwanza saa tisa, meza iko tupu, ila kuna sufuria la mafuta limefunikwa bati.

– Hapohapo!

– Haya nimeingia, njia zinagawanyika tena. Nyumba yenu haina namba? Zile za anwani za makazi walizobandika 2022?

– Kilikuwepo kibao, fundi alipopaka geti rangi akakibandua hakukirudisha. We shika kulia.

– Kulia kwangu au kwa anayetokea kwako?

– Kwako kaka, we si ndo unakuja! Geti jeusi.

– Dada mageti yote meusi huku, na hii keki nimeipakata mbele kama mtoto mchanga, jua linawaka, krimu ikianza kuteleza msije mkanisema.

– Usiniambie! Mtoto anatimiza miaka 5 leo, wenzie wameshajaa sebuleni. Hebu piga honi nikusikie.

– Haya… umesikia?

– Nimekusikia! Upo karibu kabisa, ila kama sauti inatokea uani vile. Mbele yako kuna nini?

– Ukuta, umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000.

– Huo ukuta wetu huo! Ndo umetokea nyuma, mume wangu ndo kaandika.

– Sasa si ungeanza na hilo dada, ningeuliza watu kwenye faini ya elfu 50 wangenileta moja kwa moja.

– Hahaa, zunguka na hiyo kona ya saluni, namtuma dogo akusimamie getini, kavaa jezi ya Yanga.

– Namuona, ila wako watatu na wote Yanga.

– Aliye peku. Na hela nakutumia kwenye namba hii hii?

– Hii hii, ila ongeza buku dada, nimezunguka sana.

– Nitaongeza, keki nione kwanza imefikaje.