ILANI: DORIA ZILIZORUKWA NA WIZI MTAANI

Kutoka: Kamati ya Wakazi, Nyali, Mombasa
Kwa: Meneja wa Shughuli za Ulinzi
17 Novemba 2025

Bwana Meneja,

Tunakupa ilani hii chini ya kifungu cha 8 cha mkataba wetu.

Mkataba unataka mzunguko mmoja kila saa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi akigusisha kifaa cha doria kwenye vitufe vyote 9. Rekodi za kifaa hicho, usiku wa tarehe 1 hadi 14 Novemba, zina mizunguko 97 kati ya 168. Mizunguko ya saa saba, saa nane na saa tisa usiku ilipaswa kuwa 42; imefanyika 6.

Hata hiyo 97 hatuiamini yote. Usiku wa kuamkia tarehe 12, vitufe vitano vya ukuta wa nyuma viliguswa ndani ya dakika 2, ilhali kutoka cha kwanza hadi cha mwisho ni mwendo wa dakika 10. Asubuhi tulivikuta vyote vitano kwenye droo ya kibanda cha geti, vimefunguliwa skrubu. Ukutani yamebaki matundu.

Wezi wamepitia ukuta huohuo mara tatu: tarehe 5 pampu ya maji, tarehe 9 mitungi miwili ya gesi ya kilo 13, tarehe 12 betri ya gari na vioo vya pembeni. Namba za OB za polisi zimeambatishwa. Waya wa miba ulikokatwa, ncha zake zilikuwa zimeshika kutu: tundu lile lilikuwa wazi kwa siku kadhaa na hakuna aliyeliona.

Kitabu cha matukio kinaonyesha walinzi wawili wakiunganisha zamu ya mchana na ya usiku mara 5. Mtu aliyesimama getini tangu alfajiri hawezi kuzunguka ukuta saa nane usiku. Kosa hilo ni la ratiba yenu, na kumhamisha mlinzi bila kuibadilisha ratiba hakutatufaa kitu.

Ndani ya saa 48 rudisheni vitufe kwa ribiti, si skrubu, na mkomeshe zamu za kuunganisha. Msimamizi afike kila usiku bila taarifa, kati ya saa saba na saa kumi, atie saini kitabuni. Rekodi za doria zitufikie kila asubuhi kabla ya saa tatu. Waya tutaurekebisha wenyewe.

Kufikia tarehe 24 Novemba tunataka majibu ya maandishi kuhusu fidia ya mali iliyoibwa, pamoja na nakala za usajili wa kila mlinzi kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016. Ankara ya Novemba itakatwa kwa mizunguko iliyorukwa. Haya yasipotekelezwa, tarehe 25 tutatoa notisi ya siku 30 ya kuvunja mkataba.

Mwenyekiti na Katibu,
Kamati ya Wakazi