Mchoro wa msuko wa hadithi: Mukene wa Gaba

              3
            /   \
         2c      4
        /          \
      2b             5
     /
   2a
  /
1

1. MWANZO: Mjane anaanika mukene, yaani dagaa, mchangani, Gaba, Kampala. Deni ni la Ijumaa.

2. MGOGORO UNAPANDA (mstari mrefu makusudi, hapa ndipo msomaji hunaswa)
2a. Mvua siku tatu, samaki hawakauki.
2b. Mdai anaondoka na mizani ya mjane. Ukifuta hatua hii, kilele kinalegea. Jaribuni.
2c. Mnunuzi kutoka Mbarara ana pesa taslimu, haulizi kama samaki wana mchanga.

3. KILELE: Mjane aseme kuhusu mchanga au anyamaze? Anamimina gunia chini: "Tazama mwenyewe, ssebo."

4. MSHUKO (sentensi mbili zatosha): Mnunuzi anachukua nusu, bei ya chini.

5. UTATUZI: Mizani inarudi, deni limebaki kidogo. Mjane anajenga kichanja cha kuanikia.